Kuoanisha Namba na Kiasi cha Ankara na Mistari ya Benki: Mwongozo Kamili kwa Kazi ya Mwezi Mmoja

Ninafunga hesabu za ofisi ndogo jijini Dar es Salaam. Wateja wangu wengi hawana mhasibu wa kudumu, kwa hiyo mwisho wa mwezi naletewa vitu viwili: bunda la ankara zilizopigwa picha au kuskaniwa, na taarifa ya benki. Mimi nachopoa namba na kiasi kutoka kwenye ankara, naviingiza kwenye Excel, kisha naviweka mbele ya mistari ya benki nione nani kalipa nini.

Mwongozo huu unahusu sehemu hiyo tu, yaani fedha zilizoingia. Malipo yanayotoka, makato ya benki na hundi ambazo hazijawasilishwa ni kazi nyingine. Mfano nitakaotumia ni wa ofisi inayotengeneza majenereta, mwezi wa Juni 2025, yenye ankara sita zilizo wazi na mistari mitano ya fedha zilizoingia. Nimeupunguza makusudi uweze kuufuata kwa macho, lakini kila tatizo lililomo huwa nalikuta karibu kila mwezi.

Kwanza hakikisha taarifa ya benki ni nzima

Taarifa ya PDF ikigeuzwa kuwa jedwali, mara nyingi mstari wa mwisho wa ukurasa hupotea, au maelezo ya mistari miwili huvunjika na kuzaa mstari usio na kiasi. Usianze kuoanisha chochote kabla ya kulipima hilo. Karatasi ya BENKI naipanga hivi: A ni tarehe, B ni maelezo, C ni fedha iliyotoka, D ni iliyoingia, na E ni salio. Kisha kwenye safu ya pembeni, kuanzia mstari wa tatu, naweka hii:

```
=ROUND(E2-C3+D3-E3,2)
```

Kila mstari unapaswa kutoa sifuri. Ukiona 590000 au -590000 mahali fulani, kuna mstari wa kiasi hicho uliopotea hapo katikati, na unajua ukurasa gani wa PDF ukautafute. Nimewahi kuona mtu akihangaika siku nzima na mteja "asiyelipa", kumbe malipo yalimezwa na mstari wa kichwa cha ukurasa wa 3.

Ukishapata sifuri zote, tafuta fedha iliyoingia kisha ikarudishwa kwa kiasi kilekile ndani ya siku chache. Hiyo ni hundi iliyokataliwa au uhamisho uliorudishwa. Jozi hiyo iweke kando mapema, la sivyo utafunga ankara kwa fedha ambayo haipo.

Kisha zipime ankara zenyewe, kabla hazijakutana na benki

Programu ya kusoma maandishi kwenye picha hukosea kwa tabia zinazojulikana: sifuri inakuwa herufi O, moja inakuwa I, 8 inakuwa 3 au B, 5 inakuwa S. Anayeandika kwa mkono naye ana makosa yake, hasa kupindua tarakimu mbili zinazofuatana. Makosa haya usiyaache yafike hatua ya kuoanisha, maana kule yatajivika sura ya mteja aliyelipa pungufu.

Kwa bahati nzuri, ankara inajipima yenyewe. Ina kiasi kabla ya kodi, ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ina jumla. Karatasi ya ANKARA ninayoitumia ina namba kamili katika A, mkia wa namba katika B, mteja katika C, tarehe katika D, kiasi kabla ya kodi katika E na jumla katika F. Kipimo ni hiki:

```
=ROUND(E2*1.18-F2,0)
```

Katika mfano wetu ankara zote zilitoa sifuri isipokuwa moja ya kiwanda: kabla ya kodi 1,450,000, jumla iliyosomwa 1,111,000. Kipimo kikatoa 600,000. Jumla sahihi ni 1,711,000. Ile 7 ilikuwa imeandikwa bila kistari katikati na ikasomwa kuwa 1. Bila kipimo hiki ningemwona mwenye kiwanda amelipa zaidi ya deni lake, na huenda ningempigia simu kumshukuru.

Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, shuku kwanza tarakimu zilizopinduliwa. Ukiandika 2,741,000 badala ya 2,714,000, tofauti ni 27,000, na 27,000 kwa 9 ni 3,000 kamili. Si uthibitisho, maana tofauti nyingine nyingi nazo hugawanyika kwa 9. Ila inakuonyesha pa kuanzia kutazama.

Namba za ankara nazo zina kipimo chake: mfuatano. Ankara za ofisi hii zinaandikwa GS/2025/0187, GS/2025/0188 na kuendelea. Zipange kwa mkia na utafute pengo na marudio. Mwezi ule 0183 ilitokea mara mbili na 0188 haikuwepo kabisa. Pengo moja na marudio moja yakitokea pamoja hivyo, karibu kila mara ni tarakimu moja iliyosomwa vibaya. Nilifungua picha, na kweli 8 ilikuwa imefifia ikasomwa 3.

Jambo la mwisho kwenye usafi ni kiasi kilichoandikwa kwa mtindo wetu, "1,180,000/=". Excel inakiona hicho ni maneno, si namba, na SUM itakiruka kimya kimya bila kukuambia. Ondoa ile alama ya "/=" na mikato kwanza. Ukitaka kujua kama zimebaki namba zisizo namba, linganisha COUNT na COUNTA za safu ile, zikiacha kichwa. Zikitofautiana, kuna seli zinazokudanganya.

Namba ya ankara ndani ya maelezo ya benki

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mteja hajali namba yako unaiandikaje. Ankara moja ya 187 nimeiona kwenye maelezo ya benki kama `GS20250187`, `INV 187`, `INV187`, `GS-2025-0187`, na mara moja `ankara no.187 generator`. Ukitafuta namba kamili kama ilivyo kwenye karatasi yako, utapata labda theluthi. Kwa hiyo tunafanya mambo mawili. Upande wa ankara tunabakiza mkia tu. Upande wa benki tunasafisha maelezo ili kila namba isimame peke yake ikiwa na nafasi mbele na nyuma.

Mkia, kwenye safu B ya ANKARA:

```
=VALUE(SUBSTITUTE(UPPER(RIGHT(TRIM(A2),4)),"O","0"))
```

Hii inachukua herufi nne za mwisho, inarudisha O kuwa sifuri, na kuondoa sifuri za mbele: 0187 inakuwa 187. Ikitoa `#VALUE!` ujue kuna herufi nyingine imejipenyeza, B au S kwa kawaida, nenda ukaitazame picha. Sipendi kuzirekebisha zote kwa fomula. Ankara tano mbovu zinastahili macho.

Maelezo safi, kwenye safu F ya BENKI:

```
=" "&TRIM(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(UPPER(B2),"/"," "),"-"," "),","," "),"."," "),"INV"," "),"GS2025"," "))&" "
```

Mikwaju, vistari, mikato na nukta zinageuka nafasi, `INV` na `GS2025` zinafutwa, kisha nafasi moja inaongezwa mwanzo na mwisho. Neno `INVOICE` litabaki `OICE`, lakini hilo halidhuru. Hakuna mtu atakayelisoma.

Kwa nini nafasi pande zote mbili ni muhimu hivi? Kwa sababu maelezo ya benki yamejaa namba zisizo zako. Kuna namba ya muamala, kuna namba ya akaunti, kuna namba ya simu ya aliyelipa kupitia mtandao wa simu. Ukitafuta 187 popote ilipo, utaipata ndani ya `FT25127187` na ndani ya simu inayoishia na 187, na Excel itakuambia kwa furaha kwamba ankara imelipwa. Ukitafuta " 187 " yenye nafasi zake, hizo zote zinaanguka.

Sasa tafuta ankara zote ndani ya kila mstari, kwenye safu G ya BENKI:

```
=IFERROR(TEXTJOIN(";",TRUE,FILTER(ANKARA!$A$2:$A$7,
 ISNUMBER(SEARCH(" "&ANKARA!$B$2:$B$7&" ",F2))
 +ISNUMBER(SEARCH(" "&TEXT(ANKARA!$B$2:$B$7,"0000")&" ",F2)))),"")
```

Inatafuta mkia kwa namna mbili, 187 na 0187, na kuorodhesha ankara zote ilizozikuta zikitenganishwa kwa nuktamkato. Inahitaji Excel mpya yenye FILTER, na kwenye Google Sheets pia inafanya kazi. Masafa ya $2:$7 ni ya ankara zetu sita. Yako yapanue yafike mwisho wa orodha yako, bila kuingiza mistari mitupu.

Usisahau pia kwamba maelezo hukatwa. Ujumbe wa malipo wa SWIFT wa muundo wa zamani, MT103, una nafasi ya mistari 4 ya herufi 35 kwa maelezo ya mlipaji, na benki nyingine huonyesha sehemu tu ya hayo kwenye taarifa. Mteja anayelipa ankara sita kwa mkupuo anaweza kuwa ameziandika zote vizuri, wewe ukaona tatu na nusu. Ile nusu ndiyo hatari, kwa sababu `019` iliyokatwa inaweza kuwa 190, 193 au 195.

Kiasi unachopaswa kukitarajia si jumla ya ankara

Anayeanza kazi hii hukwama hapa. Analinganisha jumla ya ankara na fedha iliyoingia, hakuna hata moja inayolingana, anaamua kuweka uvumilivu wa asilimia tano ili "zikubali". Usifanye hivyo. Uvumilivu wa asilimia unaficha kila kitu: makato halali, makato yasiyo halali, malipo ya sehemu, na ankara ya mtu mwingine yenye kiasi cha karibu.

Tofauti nyingi zina jina. Mkaazi anayelipia huduma ya kitaalamu au kiufundi Tanzania anakata kodi ya zuio ya asilimia 5, na anaikata kwenye kiasi kabla ya ongezeko la thamani. Kwa hiyo ankara ya 2,300,000 kabla ya kodi ina jumla ya 2,714,000, zuio lake ni 115,000, na kinachofika benki ni 2,599,000. Ongeza safu mbili kwenye ANKARA. G ni kiasi baada ya zuio, H ni hali, ambayo mwanzoni zote ni WAZI:

```
=ROUND(E2*(1.18-0.05),0)
```

Viwango hivi vinaweza kuguswa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, na bidhaa zinazouzwa kwa serikali zina kiwango chake, kwa hiyo kwenye kazi halisi nakushauri uviweke kwenye seli zake badala ya kuvipigilia ndani ya fomula kama nilivyofanya hapa.

Halafu kuna uwiano, ambao naupenda kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Ukishajua mstari wa benki unahusu ankara gani, gawanya fedha iliyoingia kwa jumla ya ankara. Ukipata 1, mteja hakukata kitu. Ukipata 0.9576, amekata zuio kwa usahihi, maana 1.13 kwa 1.18 ni hiyo. Ukipata 0.95 kamili, amekata asilimia 5 ya jumla pamoja na ongezeko la thamani, yaani amekata zaidi ya inavyotakiwa. Ukipata 0.5 au 0.3, ni malipo ya sehemu. Na ukipata kitu kama 0.9969, angalia tofauti kwa shilingi: ikiwa ni kiasi kidogo kinachojirudia kwa benki ileile bila kujali ukubwa wa ankara, ni ada ya uhamisho iliyokatwa njiani.

Awamu za kuoanisha

Sasa tuzikutanishe. Kanuni yangu ni kwenda kutoka kwenye ushahidi mzito kwenda kwenye mwepesi, na kila mstari wa benki ukishatumika, usitumike tena. Kwenye BENKI naongeza safu ya "IMETUMIKA" na kuandika namba ya ankara kwa mkono. Ndiyo, kwa mkono. VLOOKUP na XLOOKUP hurudisha mstari wa kwanza wanaoukuta, hata kama umeshatumika, na ankara mbili zenye kiasi kimoja zitafungwa kwa malipo mamoja bila onyo lolote.

Hizi ndizo ankara zilizokuwa wazi. Shule: 0179 ya 30 Aprili na 0190 ya 30 Mei, kila moja 500,000 kabla ya kodi, jumla 590,000. Hoteli: 0187 ya 2,714,000 na 0195 ya 755,200. Kiwanda: 0188 ya 1,711,000 na 0193 ya 967,600.

Awamu ya kwanza ni namba na kiasi vyote viwili. Tarehe 10 Juni iliingia 2,599,000, na maelezo yalikuwa na `GS20250187`. Safu G ya BENKI ikatoa GS/2025/0187, uwiano ukatoa 0.9576. Hakuna la kujadili. Imefungwa kwa sekunde kumi. Katika mwezi wa kawaida zaidi ya nusu ya mistari huishia hapa, na zisipofika nusu, nairudia fomula ya kusafisha maelezo kabla sijaendelea.

Awamu ya pili ni mstari mmoja wenye ankara nyingi. Tarehe 12 Juni iliingia 2,565,100 kutoka kiwandani, na maelezo yaliishia `INV 0188 01`. Fomula ilikuta 0188 peke yake, na uwiano wake ukatoa karibu 1.5, jambo lisilowezekana kwa ankara moja. Hapo ndipo unapojua kuna ankara ya pili iliyokatwa kwenye maelezo. Toa kwanza 0188 baada ya zuio, yaani 1,638,500. Inabaki 926,600. Sasa usitafute 926,600 kwenye orodha nzima. Itafute kwenye ankara za kiwanda hicho tu. Ankara 0193 ina 820,000 kabla ya kodi, na 820,000 mara 1.13 ni 926,600 kamili. Namba yake inaanza na 01 pia, kama mabaki ya maelezo yanavyotaka. Vitu vitatu vimekubaliana: mteja, mabaki ya namba, na kiasi hadi shilingi ya mwisho.

Nasisitiza "za kiwanda hicho tu" kwa sababu ya hesabu rahisi. Ankara 10 zilizo wazi zina michanganyiko 1,023 inayowezekana. Ukiziachia zote, mapema au baadaye utapata mchanganyiko unaotoa kiasi unachokitaka, nao utakuwa wa uongo. Hilo hutokea zaidi kwa ofisi zinazotoza viwango vya mviringo kama laki tano na milioni moja.

Awamu ya tatu ni namba imepatikana, kiasi hakilingani. Tarehe 18 Juni hoteli ililipa 717,440, na namba 195 ilikuwepo kwenye maelezo. Tulitarajia 723,200. Tofauti ni 5,760 tu, na mtu mwenye haraka angeiandika ada ya benki. Lakini uwiano kwa jumla ya 755,200 ni 0.95 kamili. Na 5,760 ni asilimia 5 ya ongezeko la thamani la 115,200. Hoteli ilikata zuio la 37,760 badala ya 32,000.

Je, ankara ifungwe? Jibu liko kwenye cheti cha kodi ya zuio, si kwenye benki. Ikiwa cheti kitaandikwa 37,760, basi fedha imefika TRA kwa jina la mteja wangu na atadai yote kwenye hesabu yake ya kodi ya mapato. Ikiwa kitaandikwa 32,000, hoteli bado inadaiwa 5,760. Kwa hiyo nilifunga 749,440, nikaacha 5,760 wazi kwa maandishi "inasubiri cheti". Hata zile zilizokatwa sawasawa nazifuatilia hivyohivyo. Zuio lisilo na cheti ni fedha uliyoikubali kuwa imelipwa bila ushahidi wowote mkononi.

Awamu ya nne ni kiasi bila namba, na hapa ndipo ninapopunguza mwendo. Tarehe 3 Juni iliingia 565,000, maelezo: `MALIPO SERVICE GENERATOR SHULE`. Hamna namba. Uliza kwanza ankara ngapi zilizo wazi zinatarajia kiasi hicho:

```
=COUNTIFS(ANKARA!$G$2:$G$7,D2,ANKARA!$H$2:$H$7,"WAZI")
```

Jibu likiwa 1, na jina la mlipaji likapatana na mteja, na tarehe ya malipo ikawa baada ya tarehe ya ankara, naoanisha. Jibu likiwa 2 au zaidi, sioanishi. Hapa lilikuwa 2: Aprili na Mei, kiasi kilekile.

Zamani nilikuwa na kanuni ya "ya zamani kwanza". Inasikika vizuri, na wahasibu wengi wanaitumia. Siku moja nilifunga ankara ya zamani ya mteja fulani kwa malipo yasiyo na namba, ofisi ikamwandikia kumkumbusha ile mpya, kumbe ndiyo aliyoilipa. Alikuwa na risiti yake mkononi. Ya zamani ilikuwa na mgogoro wa vipuri ambao hakuna aliyekuwa ameniambia. Tangu siku hiyo, malipo yasiyo na namba yenye wagombea wawili nayapigia simu.

Kwa shule nilimpigia mhasibu wao.

"Shikamoo mama. Ile laki tano na sitini na tano ya tarehe tatu, ni ya mwezi gani?"

"Marahaba. Hiyo ni ya Mei. Ya Aprili sijaiona mezani kwangu kabisa, fundi wenu aliondoka nayo bila kusainiwa."

Kwa hiyo 0190 ilifungwa, na 0179 ikabaki wazi ikiwa na sababu yake: nakala haijasainiwa. Kanuni ya "ya zamani kwanza" ingefunga ile isiyosainiwa, na karatasi iliyopotea isingetafutwa hadi mwisho wa mwaka.

Awamu ya tano ni mabaki. Tarehe 24 Juni kulikuwa na 1,500,000 iliyowekwa taslimu tawini, maelezo `CASH DEP` na namba ya muamala, basi. Hakuna ankara iliyo wazi, wala mchanganyiko wa mteja yeyote, unaotoa kiasi hicho. Huenda ni malipo ya awali ya mteja mpya, huenda ni mwenye ofisi ameweka fedha zake, huenda mtu amekosea akaunti. Inaingia kwenye akaunti ya fedha zisizotambuliwa na inabaki hapo. Kishawishi cha kuigawa kwenye ankara mbili tatu ili karatasi iwe safi ni kikubwa hasa usiku wa tarehe 6. Kizuie.

Kuthibitisha kwamba hujajidanganya

Hesabu tatu zinatosha, na zote zinapaswa kukubaliana hadi shilingi.

Ya kwanza ni upande wa benki. Fedha zilizoingia Juni ni 565,000, 2,599,000, 2,565,100, 717,440 na 1,500,000, jumla 7,946,540. Zilizooanishwa ni 6,446,540, zisizotambuliwa 1,500,000. Hakuna mstari uliobaki hewani.

Ya pili ni upande wa ankara. Zilizokuwa wazi zote sita ni 7,327,800. Fedha zilizooanishwa ni 6,446,540, na zuio halali la ankara tano zilizolipiwa ni 285,500. Ukiviondoa vyote viwili inabaki 595,760. Sasa hesabu moja kwa moja zilizobaki wazi: 0179 ni 590,000, na mabaki ya 0195 ni 5,760. Jumla 595,760. Zikikubaliana, ujue hakuna mstari uliotumika mara mbili na hakuna ankara iliyofungwa bila fedha. Zisipokubaliana, tofauti yenyewe mara nyingi ni kiasi cha ankara fulani, itafute kwa kiasi hicho.

Ya tatu ni tarehe. Panga zilizooanishwa na utafute malipo yaliyotangulia ankara yake. Malipo ya awali yapo, lakini yakiwa mengi kwenye orodha yako, umeoanisha kwa kiasi bila kutazama mteja.

Karatasi ya kazi ninayompelekea mwenye ofisi haina fomula hizi. Ina mistari minne tu ya mambo yanayomhitaji yeye: vyeti vya zuio kutoka hoteli, kiwanda na shule, 5,760 ya hoteli, nakala ya 0179 ya kumpelekea mhasibu wa shule ikasainiwe, na swali kuhusu 1,500,000 ya tarehe 24. Hilo la mwisho alilijibu kwa ujumbe mfupi kesho yake asubuhi: ni yake mwenyewe, aliiweka kulipia mishahara, akasahau kusema.

Nikaihamisha kwenda akaunti ya mwenye mali, tarehe ileile 24 Juni, nikaambatisha ujumbe wake.